Chanjo za watoto: maswali yenu ya mitihani, hasa ile ya "mtoto amechelewa"

Meseji zimekuwa nyingi wiki hizi, wengi wenu mna mitihani ya watoto na afya ya jamii. Nimechagua zinazojirudia. Ratiba ninayoitumia ni ya Tanzania: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9 na miezi 18. Wa Kenya mnaweza kufuata bila shida, wiki ni zilezile.

Mwl, kuna swali la mtoto wa miezi 8 amepata chanjo za wiki ya 6 tu halafu mama akapotea. Tunaanza upya au? Na tunampa nini na nini siku hiyo?

Hamna kuanza upya, liandike hilo kwanza kwenye jibu lako kabla hujaenda popote. Dozi aliyopata inahesabika hata kama imepita nusu mwaka, mwili unakumbuka, kinachoharibu dozi ni kuiwahisha sio kuichelewesha. Kwa hiyo kila chanjo jiulize mambo manne tu: ameshapata ngapi, umri wake wa leo unaruhusu, zimepita angalau wiki 4 tangu dozi ya mwisho, na je ana kizuizi cha kweli.

Tuifanye kwa tarehe maana mtihani unapenda tarehe. Mtoto kazaliwa 5 Januari, akapata BCG ya kukinga TB na OPV ya kuzaliwa, yale matone ya polio. Tarehe 16 Februari, yaani siku ya 42, wiki 6 kamili, akapata penta 1 ile ya magonjwa matano, PCV 1 ya nimonia, OPV 1 na rota 1 ya kuhara. Mama akaenda shamba kwao. Leo ni 8 Septemba, mtoto ana miezi 8 na siku 3, anakohoa kidogo, joto 37.8, ananyonya vizuri na hapumui haraka.

Leo anapata penta 2, PCV 2, OPV 2, rota 2, na IPV, yaani polio ya sindano. Wengi mnaisahau IPV kwa sababu kwenye kichwa chenu imekaa pamoja na penta 3, lakini haisubiri penta 3, inasubiri umri wa wiki 14 na huyu ameshapita zamani. Hiyo ni sindano tatu siku moja na mama atalalamika, mweleze, lakini usimgawie mtoto chanjo nusu leo nusu wiki ijayo, mama aliyepotea karibu miezi saba anaweza asirudi hiyo wiki ijayo. Penta paja la kushoto, PCV paja la kulia, IPV hilohilo la kulia ila uache sentimita 2.5 kati ya sindano na sindano, kila moja mililita 0.5 ndani ya msuli. OPV matone mawili mdomoni, na rota nayo ni ya mdomoni.

Sasa tarehe ya kurudi, hapo ndo kuna maksi. Ukihesabu siku 28 kutoka 8 Septemba unapata 6 Oktoba, na siku hiyo mtoto ana miezi 9 na siku moja. Kwa hiyo siku hiyo unampa penta 3, PCV 3, OPV 3 na MR ya kwanza, ya surua na rubella, kwa pamoja, umemaliza. Lakini tuseme mama angekuja 1 Septemba, siku 28 zingeangukia 29 Septemba, mtoto bado hajafika miezi 9. Ukimchoma MR siku hiyo kwa sababu "zimebaki siku chache tu", ile ni dozi sifuri, haihesabiki, lazima arudie baada ya miezi 9 kutimia. Kingamwili za mama zikiwa bado zipo kwenye damu ya mtoto zinaiua chanjo kabla haijafanya kazi. Mimi kwa mama kama huyo ningeandika tarehe moja tu ya kurudi, 5 Oktoba au baada yake kidogo, penta 3 ikichelewa wiki moja hakuna kilichoharibika na mama anatembea mara moja badala ya mbili. Dozi ya pili ya MR inabaki palepale miezi 18.

Lakini kitabu chetu kinasema rota haitolewi baada ya wiki 15, wewe umempa wa miezi 8. Nijibu lipi?

Kitabu chako hakidanganyi, ni cha zamani tu. Hayo masharti, dozi ya kwanza kabla ya wiki 15 na ya mwisho kabla ya wiki 32, yaliwekwa kwa kuogopa utumbo kujiingiza ndani ya utumbo mwenzake, tatizo ambalo lenyewe huwapata watoto zaidi katikati ya mwaka wa kwanza. Mwaka 2013 WHO wakaangalia upya wakaona kwenye nchi zetu watoto wengi wanachelewa kliniki, na ukiwazuia kwa umri unapoteza wengi zaidi kwa kuhara kuliko unaowaokoa na utumbo. Wakaondoa masharti, wakasema tu haina faida kumpa mtoto aliyezidi miezi 24.

Kwenye mtihani soma swali limesimama wapi. Likisema kwa mwongozo wa WHO, mpe. Likitaja Marekani au maelekezo ya mtengenezaji, masharti ya umri bado yapo. Na mtoto aliyewahi kupata hilo tatizo la utumbo hapewi kabisa, umri wowote, hicho ni kizuizi cha kweli. Idadi ya dozi inategemea aina ya chanjo iliyopo kituoni, hapo juu nimetumia ile ya dozi mbili.

Mtoto ana mafua, anatumia amoxicillin, halafu alizaliwa njiti. Mwenzangu kasema aahirishwe mpaka apone na uzito ufike. Mimi sikubali, nani sahihi?

Wewe. Mafua, kikohozi, homa ndogo, antibiotiki, utapiamlo, kunyonya, mama kuwa mjamzito tena, hakuna hata kimoja kinachozuia. Watunga mitihani wanavipanga hivi kwenye chaguzi A mpaka D kama mitego kwa sababu mtaani watoto wanarudishwa nyumbani kwa sababu hizohizo kila siku.

Njiti anahesabiwa kwa umri tangu siku aliyozaliwa, sio tangu siku aliyotakiwa kuzaliwa. Aliyezaliwa wiki ya 34 na leo ana wiki 6, leo ndo siku yake, na anapewa dozi kamili. Kuna watu wanampa nusu dozi eti kwa sababu ni mdogo, hiyo nusu haihesabiki na itabidi irudiwe, yaani mmemchoma bure.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapa. Mtoto anayepewa rufaa ya haraka, degedege sasa hivi, hawezi kunyonya, amelegea, mpeleke kwanza, chanjo itafuata akitulia, usimcheleweshe barabarani kwa sababu ya kadi. Na mwenye kuhara siku aliyopangiwa OPV, kwa mwongozo wa IMCI, ule wa kuhudumia mtoto mgonjwa, unampa matone ila huyahesabu, unamwambia arudi baada ya wiki 4 kwa dozi ya ziada, kwa sababu utumbo unaoharisha huenda usiyapokee vizuri.

Alipata degedege baada ya penta 1. Penta 2 nimpe?

Uliza lini. Degedege au kuzimia kwa mshtuko ndani ya siku 3 baada ya penta, kwa IMCI hapewi penta 2 wala 3. Mtuhumiwa mle ndani ni kifaduro kwa sababu penta yetu inabeba kijidudu kizima kilichouawa, sio vipande vilivyochujwa. Kwa hiyo usiandike "asipewe chanjo tena" ukaenda zako, hapo unapoteza maksi. Anaendelea na PCV, OPV, IPV na rota kama kawaida, na pale inapopatikana anapewa ile ya dondakoo na pepopunda isiyo na kifaduro. Mtoto mwenye degedege za kujirudia au ugonjwa wa ubongo ambao bado unaendelea, huyo penta hapewi tangu mwanzo.

Degedege ya malaria wiki tatu baada ya chanjo haihusiani. Paja kuvimba, kulia usiku kucha, homa ya siku moja, hivyo pia havizuii dozi inayofuata hata mama akikasirika vipi, mpe paracetamol na maelezo. Mzio mkali ndani ya dakika chache, mtoto anavimba uso, anakosa pumzi, presha inashuka, huo ndo unaofunga mlango kwa chanjo ile na yoyote yenye kiungo kilekile.

BCG kwa mtoto wa mama mwenye VVU. Na wa mama mwenye TB je? Zinanichanganya.

Zinachanganya kwa sababu mnazikariri pamoja, zitenganishe. Mama ana VVU, mtoto kazaliwa leo, hana dalili na majibu yake bado: mpe BCG leo, mililita 0.05 ndani ya ngozi. Ukisubiri majibu unamwacha wazi kwenye nyumba ambayo TB inaweza kuwemo. Aliyekwisha kuthibitishwa ana VVU na hajaanza dawa ndo anasubiri, mpaka awe kwenye ARV na ametulia, maana BCG ni bakteria hai na kwa kinga iliyoanguka inaweza kusambaa mwilini. Huyohuyo penta, PCV na IPV anapata bila wasiwasi, na WHO wanamwongezea MR moja akiwa na miezi 6, ya ziada, ambayo haifuti ya miezi 9.

Mama mwenye TB ya mapafu inayoambukiza ni hadithi nyingine. Mtoto akiwa hana dalili za TB anaanzishwa isoniazid ya kuzuia kwa miezi 6 na BCG inasubiri. Sababu ni rahisi, isoniazid inaua bakteria wa BCG pia, ukimchanja huku anameza dawa umepoteza chanjo. Anachanjwa wiki 2 baada ya kumaliza. Kunyonya anaendelea kunyonya.

Kadi imepotea na hana kovu la BCG. Tunarudia zote?

Anza na rejista ya kliniki alikozaliwa au alikokuwa anahudhuria, jina la mama na mwezi wa kuzaliwa mara nyingi vinatosha kumpata. Ukikosa kabisa, mchukulie hajachanjwa na umpe za umri wake, dozi iliyozidi kwa mtoto mdogo haina madhara ya maana kulinganisha na dozi iliyokosekana. Neno la mama pekee usiliandike kama dozi kwenye kadi mpya.

Kovu ni kitu kingine. Vitabu vya zamani vilisema likikosekana baada ya miezi mitatu rudia. WHO mwaka 2018 walisema kukosa kovu sio ushahidi kwamba hajakingwa, kwa hiyo kama rejista inaonyesha alichomwa, hurudii. Kama rejista haina kitu na kovu halipo, mchukulie hajawahi kupata, mpe ukishamuuliza mama yale ya VVU na TB.