Barua kwa mwanangu: kuhusu ile video ya pikipiki

"Baba, mbona umeifuta ile video ya mtoto kuibwa niliyoituma kwenye grupu la ukoo? Sikuwa na nia mbaya, nilitaka tu watu wachunge watoto wao. Na nikinyamaza halafu kumbe ni kweli, si na mimi nitakuwa nimechangia?"

Mwanangu Rehema,

Nimeifuta kwa sababu nimejua ilikotoka, na si Tandika kama maandishi yake yanavyodai. Najua uliituma kwa uchungu wa mama mwenye mtoto wa darasa la pili. Ndiyo maana sikutaka kukujibu pale pale mbele ya shangazi zako. Nimeona nikae nikuandikie vizuri.

Itazame tena hiyo video, maana bado unayo kwenye simu. Watoto wanacheza barabarani, inakuja pikipiki yenye watu wawili, wa nyuma anamnyakua mmoja, wanatokomea. Imechukuliwa kutoka juu, kama kamera ya ulinzi, na haina sauti. Sasa angalia wanachocheza: wameshika gongo, wanacheza kriketi mtaani. Ni Tandika gani hiyo ambapo watoto wa uswahilini wanacheza kriketi jioni? Hapo ndipo niliposita. Nikaisimamisha video palipo na picha nzuri ya pikipiki, nikapiga picha ya skrini, nikaiweka kwenye Google Lens. Majibu yakaja na habari za miaka kadhaa nyuma, zenye picha hiyo hiyo.

Video hiyo ilitengenezwa Karachi, Pakistani, na shirika la Roshni Helpline linalosaidia kutafuta watoto waliopotea. Ni maigizo ya kuelimisha wazazi. Video nzima ina mwisho ambao wewe hukuuona: ile pikipiki inarudi, inamshusha mtoto salama, kisha yule wa nyuma anakunjua bango linaloonya jinsi mtoto anavyoweza kuibwa kwa muda mfupi kabisa katika mitaa ya Karachi. Kuna mtu aliukata huo mwisho. Onyo likageuka kuwa ushahidi, likaanza safari yake India, na kila lilipofika lilibandikwa jina la mji wa hapo. Kwako limefika na maandishi "Imetokea Tandika jana" pamoja na ujumbe wa sauti wa mwanamke anayelia.

Nakuomba usome haya yafuatayo taratibu. Mwaka 2018 uvumi wa wezi wa watoto ulitapakaa India kwa WhatsApp, na video hii ikiwamo. Tarehe 1 Julai mwaka huo, wanaume watano walifika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, jimbo la Maharashtra, siku ya gulio. Walikuwa watu wa jamii ya wahamaji ambao maisha yao ni kutembea wakiomba sadaka. Mmoja alionekana akisema na mtoto wa kike. Basi. Watu waliokuwa wameshatazama video na kusikia sauti hawakuuliza zaidi. Wale watano walifungiwa kwenye ofisi ya kijiji, wakapigwa mpaka wakafa. Hakuna mtoto aliyekuwa ameibwa.

Usiseme hiyo ni India. Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, hapa hapa Dodoma, watafiti wawili wa kilimo waliotoka Arusha kuchukua sampuli za udongo waliuawa na kuchomwa moto pamoja na dereva wao. Walidhaniwa wanyonya damu. Mtu mmoja alipiga yowe, tangazo likapita kwenye kipaza sauti cha kanisa, kijiji kikakusanyika. Walikuwa na gari, vifaa vya kazi na shughuli inayoeleweka, na hakuna kilichowasaidia, kwa sababu habari ilikuwa imetangulia kabla yao.

Hilo ndilo ninalotaka ulione kuhusu habari za watoto kuibwa. Uzushi kwamba sukari itaadimika ukiufowadi, watu watajazana dukani, hasara yake itajulikana na kupita. Lakini ukisema kuna mwizi wa watoto mtaani, umewapa watu mshukiwa kabla hujamjua. Anabaki mtu yeyote ambaye hawamfahamu: fundi aliyepotea njia, mwendawazimu, mama mwenye mtoto asiyefanana naye, dereva aliyesimamisha Noah nyeupe kupokea simu. Sauti uliyotuma ilitaja Noah nyeupe bila namba ya gari. Hebu hesabu Noah nyeupe utakazopishana nazo ukitoka kituoni mpaka nyumbani.

Sasa nije kwenye hofu yako ya kunyamaza, kwa sababu ni hofu ya haki na siidharau. Watoto huibwa kweli. Njombe, mwanzoni mwa 2019, watoto walitekwa na kuuawa, na mzazi aliyeonywa mapema alikuwa na kila sababu ya kushukuru. Kwa hiyo sikwambii ukae na habari moyoni. Nakwambia kati ya kunyamaza na kuituma kwenye magrupu matano kuna kazi ya dakika kumi.

Nilipokuwa dawati la habari redioni, kabla ya kitu kuingia kwenye taarifa ya saa mbili, swali la kwanza lilikuwa hili: aliyekuletea ameona mwenyewe au ameletewa? Wewe nilipokuuliza ulisema umeipata kwa Mama Junior. Nilimpigia. Yeye aliipata kwenye grupu la kikoba. Wa kikoba akasema katumiwa na wifi yake wa Morogoro. Watu watatu, wote waaminifu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa karibu na Tandika. Ukipanda ngazi mbili tatu bila kumpata aliyeona, ujue huna habari bado, una maneno. Uaminifu wa aliyekutumia hausaidii hapo, maana naye anaamini kwa sababu anamwamini wa nyuma yake.

Swali la pili ni wapi na lini. "Jana" haina tarehe. Ujumbe ukizunguka miezi sita bado utasema jana. Tandika ni kubwa. Shule gani, mtaa gani? Ile sauti ilisema "shule ya msingi hapa kwetu". Mtu aliyeshuhudia mtoto akichukuliwa hukumbuka jina la shule hata akiwa analia. Pale panapotajwa shule, una jambo la kufanya: mwalimu mkuu anapatikana, mwenyekiti wa mtaa anapatikana, na kituo cha polisi kipo. Mtoto akiibwa kweli hao watatu watakuwa wanajua kabla ya magrupu kujua.

Tazama pia alama juu ya ujumbe. WhatsApp huweka mshale mmoja kwenye kitu kilichofowadiwa, na mishale miwili kikiwa kimepita mikono mitano au zaidi. Tangu Aprili 2020, chenye mishale miwili huwezi kukituma zaidi ya mahali pamoja kwa mara moja. Hiyo breki iliwekwa kwa sababu ya mambo kama haya. Ila usiitegemee sana. Mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, au akiihifadhi video na kuituma kutoka kwenye simu yake, mshale unapotea na inaonekana kama kaiandika yeye. Ya kwako ilikuja bila mshale wowote. Kuwepo kwa mishale kunakwambia imetoka mbali. Kukosekana kwake hakukwambii chochote.

Kuna na yale matangazo ya mtoto aliyepotea, ambayo nawe unayapenda kuyasambaza, na hapo nakupongeza moyo wako, lakini piga kwanza namba iliyoandikwa. Mara nyingi mtoto alishapatikana zamani, na mama yake anaendelea kupigiwa simu usiku na watu wasiomjua. Tangazo la kweli lina tarehe, nguo alizovaa, mahali alipoonekana mara ya mwisho, kituo cha polisi na namba ya RB. Likikosa RB, uliza. Na kama wewe mwenyewe una wasiwasi na mtoto fulani, iwe ameokotwa au anateswa, piga 116, ni simu ya huduma kwa watoto, bure, wanapokea na kufuatilia.

Ukikosa kabisa pa kuthibitisha, mtumie mtu mmoja anayeweza kujua, umwulize, "Hii una habari nayo?" Usiulize kwenye grupu. Najua wengi huandika "sijui kama ni kweli, nimeona niwashirikishe". Maneno hayo hayasafiri. Atakayeichukua kwako atabeba video peke yake, na wasiwasi wako utabaki huku. Kama ni jambo kubwa la kitaifa, Nukta Fakti na JamiiCheck huchunguza picha na madai kwa Kiswahili, unaweza kukuta wameshaifanyia kazi. Kwa habari ya mtaa wenu usiwasubiri, mwenyekiti wa mtaa yuko karibu zaidi.

Sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 ipo na nisingependa uitwe kituoni, ila sikuandikii kwa sababu yake. Nakuandikia kwa sababu ya mtu ambaye hatujui ni nani, atakayesimama kesho mahali asipojulikana na kumwambia mtoto, "Hujambo?"

Limebaki jambo moja, na ni lako kulifanya. Kufuta kwangu kumeondoa video kwenye grupu la ukoo tu, kwa sababu huko mimi ni admini. Waliokwisha kuifowadi, nakala zao ziko hai, haziguswi na kufuta kwangu. Na uliniambia umeituma pia kwenye grupu la wazazi wa darasa la Salma na la kazini. Huko ukifuta kimya kimya, walioitazama watabaki wanaamini. Andika kwenye kila grupu ulikoituma, usiku huu kabla watoto hawajaenda shule, maneno machache. Usiibandike tena video ili kuikanusha, maana kuna atakayeichukua na kuacha maelezo. Waweza kuandika hivi:

"Habari zenu. Video ya mtoto kunyakuliwa na pikipiki niliyotuma hapa jana si ya Tandika. Ni maigizo ya shirika la watoto la Karachi, Pakistani, na mwisho wake umekatwa, mtoto anarudishwa. Sauti iliyoambatana nayo haitaji shule wala tarehe, na sijampata aliyeshuhudia. Kama uliituma mahali pengine, tafadhali wapelekee na ujumbe huu. Mwenye wasiwasi kuhusu mtoto apige 116 au afike kituo cha polisi."

Mama Junior nimeshamweleza, na amekubali kuupeleka kwenye kikoba. Yule wa kikoba atampigia mwenyewe wifi yake wa Morogoro.

Wasalimie Salma na baba yake.

Baba yako