Riwaya inayomwita msomaji "wewe": ladha yake na ugumu wake

Swali: Shikamoo, mhariri. Ninaandika riwaya kuhusu mweka hazina wa kikoba anayekula fedha za wenzake. Nimeiandika yote kwa nafsi ya pili: "unaamka, unachukua simu" na kuendelea. Rafiki yangu aliyeisoma anasema anajihisi kama anasutwa, na alipofika sura ya nne akaiweka chini. Msomaji huhisi nini hasa akisoma riwaya ya namna hii, na kwa nini waandishi wengi huikwepa?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Marahaba. Rafiki yako amekusaidia kuliko anavyodhani, kwa sababu amekuambia mambo mawili yasiyofanana. Kuhisi anasutwa ni dalili kwamba nafsi ya pili inafanya kazi yake. Kuiweka riwaya chini sura ya nne ni tatizo la ufundi, na nadhani ninajua linatoka wapi. Lakini tuanze na huko kusutwa.

Mfano bora ninaoujua unatoka Zimbabwe. Tsitsi Dangarembga alimwandikia mhusika wake Tambudzai riwaya tatu. Ya kwanza, *Nervous Conditions* ya mwaka 1988, Tambudzai anaisimulia mwenyewe kwa "mimi", na anaianza kwa kukiri kwamba kaka yake alipofariki hakusikitika. Ya pili, ya mwaka 2006, bado ni "mimi". Ya tatu, *This Mournable Body*, ilitoka mwaka 2018, na humo "mimi" imetoweka. Mhusika ni yuleyule, mwandishi ni yuleyule, ila sasa ni "wewe" kuanzia ukurasa wa kwanza. Ni nadra fasihi kutupa nafasi ya kulinganisha nafsi mbili kwa usafi kiasi hicho.

Kitabu hicho cha tatu kinafungua kwa kutuonyesha samaki ndani ya kioo. Sentensi ya kwanza haimtaji mtu yeyote. Ya pili inasema kioo kiko juu ya sinki, kwenye kona ya chumba *chako* cha hosteli. Umeshaingizwa chumbani kabla hujapata nafasi ya kukataa. Baadaye kidogo uko kwenye kituo cha mabasi jijini Harare, na umati unamvamia msichana mnayekaa naye hosteli moja kwa sababu ya nguo aliyovaa. Wanamvuta, wanamchania nguo, na wewe una jiwe mkononi.

Hapo ndipo ilipo ladha ya usimulizi huu. Tambudzai angesema "niliokota jiwe", ungemsikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayekiri: unamhurumia au unamlaumu, lakini amekwisha kujitangulia kwa kukiri, na kukiri kwenyewe ni utetezi wa aina fulani. Ingeandikwa "aliokota jiwe", ungekaa pembeni kama hakimu. "Una jiwe mkononi" hainipi kiti cha kukalia. Ninataka kusema si langu, na papo hapo ninajua kwamba Tambudzai naye anataka kusema hivyohivyo. Mwanamke huyu amefika umri wa makamo bila kazi wala nyumba, na hawezi tena kujitaja kwa "mimi". Nafsi yenyewe imekuwa sehemu ya ugonjwa wake. Ukiiondoa, kitabu kinabadilika maana.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kuhusu mweka hazina wako ni hili: kuna jambo gani asiloweza kulisema kwa "mimi"? Kama lipo, una haki ya kutumia "wewe". Kama umeichagua kwa kuwa inavutia au inaonekana mpya, msomaji ataichoka kabla ya ukurasa wa thelathini. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo sababu ya kwanza ya waandishi kuikwepa. Hadithi nyingi hazina sababu hiyo, na waandishi wake wanalijua hilo.

Nijaribu na hadithi yako. Kwa nafsi ya kwanza ingekuwa hivi:

"Marejesho ya Mama Asha yaliingia kwenye simu yangu siku ya Jumanne, elfu arobaini. Mkutano ulikuwa Jumamosi. Niliazima elfu kumi na tano."

Angalia kitenzi "niliazima". Msimulizi amelichagua neno linalomlinda, nasi tunajifunza tabia yake kwa neno hilo. Ni nafsi nzuri kwa mtu anayejidanganya. Sasa kwa nafsi ya pili:

"Simu inatoa mlio. Marejesho ya Mama Asha yameingia, elfu arobaini. Leo Jumanne, mkutano Jumamosi. Unahesabu siku kwa vidole ingawa unazijua. Unamtumia mwenye duka elfu kumi na tano, ukijiambia kwamba Ijumaa utairudisha."

Hapa hakuna aliyesema "kuazima" wala "kuiba". Yapo matendo tu, moja baada ya jingine, na msomaji amehesabu vidole pamoja na mhusika. Utaona pia kwamba nimeanza na vitendo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvitenda: kusikia mlio, kusoma ujumbe, kuhesabu siku. Hicho ni kipimo kinachofaa kwa kurasa za mwanzo. Ukiandika katika mstari wa pili "una pengo la jino na talaka mbili", msomaji atajibu moyoni "sina", na uzi utakatika. Mambo ya pekee ya mhusika yaingie baada ya mwili wa msomaji kukubali kuwemo chumbani.

Wakati wa kitenzi nao ni jambo kubwa. "Unachukua simu" inatembea na msomaji. "Ulichukua simu" ina sauti ya polisi anayesoma maelezo kituoni, na ukiitumia kwa sura nzima, kusutwa kunakuwa kipigo. Carlos Fuentes wa Mexico, katika riwaya fupi aliyoitoa mwaka 1962, alichanganya wakati uliopo na ujao, na ule ujao unamfanya mhusika aonekane amekwisha kuandikiwa atakalolitenda. Kwa riwaya fupi inapendeza sana. Kwa riwaya ndefu sijaona anayeiweza.

Kiswahili kina faida na mitego yake hapa. Faida ni kwamba "wewe" hujificha ndani ya kitenzi. Katika lugha zinazolazimika kuitaja nafsi kila mara, ukurasa hujaa neno lilelile hadi linachosha macho. Sisi tuna "u" ndogo tu, na sikio letu limeizoea tangu utotoni kwenye methali: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtego wa kwanza ni hapohapo. Ukirundika "ukifika", "ukifungua" na "utaona", riwaya inageuka mawaidha, na msomaji anaanza kusubiri fundisho. Punguza "-ki-" ya masharti katika masimulizi yako.

Mtego wa pili ni wa sarufi. Moyo, mkono, mguu, mdomo na mlango vyote huchukua "u" ileile. Ukiandika "Moyo unadunda. Unataka kukimbia", anayetaka kukimbia ni nani? Na kuna "hu-", ambayo ni ya mazoea na pia ni ya kukanusha nafsi ya pili. "Husema" na "husemi" zinatofautiana kwa irabu, lakini kwa vitenzi kama kujibu, kufikiri na kusahau hakuna tofauti yoyote. "Kila akikupigia, hujibu." Je, kawaida yako ni kujibu, au hujibu kabisa? Katika nafsi ya tatu swali hili halizuki, kwa sababu tungesema "hajibu". Pitia mswada wako wote ukitafuta "hu-" za namna hiyo, kisha uandike sentensi upya: "unajibu kila mara" au "unaiacha simu iite". Mazungumzo nayo yanahitaji alama za usemi zilizo wazi, maana kila mhusika anayemwambia mweka hazina "wewe" anagongana na msimulizi.

Sasa nije kwenye sura ya nne. Sijaisoma, lakini miswada mingi ya aina hii hukwama palepale: mwandishi ameanza kueleza historia. "Baba yako, aliyekuwa karani wa posta, alikuhamishia kwa shangazi yako ulipokuwa na miaka saba." Kwa nini mtu aelezwe maisha yake mwenyewe kama hayajui? Nafsi ya kwanza husimulia ya nyuma kwa urahisi, na msimulizi wa nafsi ya tatu ana ruhusa ya kueleza chochote. Nafsi ya pili haina ruhusa hiyo, na riwaya ndefu haiwezi kuishi bila historia. Ndiyo maana utaikuta zaidi katika hadithi fupi, na nadhani ndicho kinachowarudisha nyuma waandishi wengi walioijaribu.

Mfaransa Michel Butor aliikabili shida hiyo katika *La Modification*, riwaya ya mwaka 1957 iliyopata tuzo ya Renaudot. Mtu amepanda treni Paris kwenda Roma akiwa ameamua kumwacha mkewe na kumchukua mpenzi wake. Riwaya nzima inatokea safarini. Butor hamwelezi msomaji historia kwa mkupuo. Kituo kinapita dirishani, na kituo hicho kinaamsha safari nyingine ambayo mtu huyu aliwahi kupita hapo, akiwa na mkewe au akirudi kutoka kwa mpenzi. Kila jambo la zamani lina kitu cha sasa kilicholiita. Hadi treni inafika Roma, kumbukumbu hizo zimekula uamuzi wake wote, na hamchukui tena yule mwanamke.

Mweka hazina wako naye ana treni yake, nayo ni simu. Ndani yake kuna jumbe za miamala, majina ya wanachama na kiasi walichotuma, tarehe baada ya tarehe. Acha ujumbe wa zamani ndio umfungulie mlango wa kumbukumbu, kisha mrudishe kwenye simu kabla kumbukumbu haijazidi nusu ukurasa. Yale ambayo hakuna kitu cha kuyaita, kama kazi ya baba yake, yatamkwe na mtu mwingine mkutanoni: wakati washika funguo wanafungua kufuli tatu za sanduku, shangazi anaweza kusema mbele ya wote kwamba mtoto wa karani hawezi kukosea hesabu. Ikibaki historia isiyoingia kwa njia zote mbili, iandikie sura fupi kwa nafsi ya tatu, ukiitenga waziwazi na zile za "wewe".