Karatasi 54 mezani: walimu wanauliza juu ya makosa ya aljebra

Mwalimu, katika intero ya ekwasio zaidi ya nusu ya darasa wameanguka. Prefe amenipa saa moja tu ya kurudilia. Nianzie wapi? (Mwalimu wa darasa la 8, Kadutu)

Weka pointi pembeni kwanza. Mtoto aliyepata 4 kwa 10 na mwenzake mwenye 4 kwa 10 wanaweza kuwa wamekwama mahali tofauti kabisa, na hesabu ya pointi haitakuonyesha.

Chagua swali moja tu lenye hatua kadhaa, kisha panga karatasi mezani kwa marundo ukifuata jibu la mwisho. Mwaka jana nilifanya hivyo na darasa langu la watoto 54. Swali lilikuwa 4x + 6 = 2x + 18, na jibu lake ni 6. Watoto 19 walipata 6. Rundo lililofuata lilinishtua: karatasi 16 zote ziliandika 10. Saba waliandika 2, watano −6, wanne 4, na watatu waliacha wazi.

Nilipofungua rundo la 10 na lile la −6, nilikuta wote 21 wamefika kwenye 2x = 12 bila kosa hata moja. Walikusanya x upande mmoja, wakakusanya namba upande mwingine, ishara zote sawa. Wakaanguka kwenye mstari wa mwisho. Wale 16 walifanya 12 − 2, na wale watano waligawanya 12 kwa −2. Kwa hiyo kati ya 35 walioshindwa, 21 walikuwa na shida ya mstari mmoja. Mimi nilikuwa nimeshaandaa kurudia sura nzima, tangu maana ya x. Saa yako moja ipe rundo kubwa kama hilo. Wale wanne wa 4, waliohamisha bila kubadili ishara wakapata 6x = 24, niliwaita siku nyingine, dakika kumi kabla ya kutoka.

Haitoshi kuangalia jibu la mwisho tu? Kusoma hatua za watoto 60 ni usiku mzima, na umeme wenyewe hauna uhakika. (Bagira)

Jibu la mwisho linakupangia marundo, lakini halikwambii sababu. Angalia wale saba walioandika 2. Wanne waliunganisha visivyounganika: 4x + 6 wakaifanya 10x, 2x + 18 wakaifanya 20x, kisha wakagawanya 20 kwa 10. Watatu wengine walihamisha 6 vizuri lakini wakasahau kubadili ishara ya 2x, wakapata 6x = 12. Jibu ni lile lile, ila wa kwanza hajui kwamba 4x na 6 ni vitu vya aina mbili, na wa pili anajua ila amepoteza ishara. Ukiwapa dawa moja, mmoja wao hatapona.

Kazi yenyewe si ndefu kama unavyodhani. Soma kila karatasi mpaka mstari wa kwanza wenye kosa, weka alama hapo, simama. Yanayofuata ni matokeo tu. Na kwa kuwa karatasi za rundo moja zinafanana, baada ya tatu au nne jicho linazoea.

Jihadhari pia na maswali yanayoficha kosa. Ekwasio 2x = 4 usiiweke kabisa kwenye intero: anayegawanya anapata 2, na anayetoa 4 − 2 anapata 2 vilevile. Utampa pointi zote na utaamini anajua.

Nitajuaje kama mtoto haelewi, au alifanya haraka tu? (Mwalimu mpya, Ibanda)

Tafuta kosa lile lile mahali pengine kwenye karatasi yake. Likitokea katika maswali mawili au matatu yenye umbo moja, hiyo ni imani yake. Likitokea mara moja tu, mpe swali hilo tena kwenye karatasi tupu. Aliyeharakisha atajisahihisha mwenyewe, mara nyingi kabla hujasema kitu. Mwenye imani potofu ataandika kosa lile lile kwa utulivu.

Ukiwa na shaka, mwambie: « Nieleze ulifanya nini hapa. » Tunafundisha kwa Kifaransa, lakini hapo mwache aseme Kiswahili chake. Mmoja wa wale 16 aliniambia: « Mwalimu, hii 2 imevuka, basi imekuwa kutoa 2. » Sentensi hiyo ilinifundisha kuliko karatasi zote.

Nimewarudilia mara mbili kanuni ya « ukivuka, badili ishara », bado wanakosea. Tatizo liko wapi? (Kadutu)

Liko kwenye kanuni yenyewe, na mimi niliisema miaka mingi. Mtoto anaitii. Kwenye x + 2 = 12 inamfaa, basi kwenye 2x = 12 anaona 2 ileile inavuka. Mmoja anaifanya « kutoa 2 ». Mwingine anakumbuka kwamba lazima agawanye, lakini anabadili pia ishara, anapata −6. Kuirudia kanuni kwa sauti kubwa zaidi ni kulisha kosa.

Saa ile niliipanga hivi. Niliandika ubaoni, bila jina la mtu, 2x = 12 yenye jibu 10, na nyingine yenye jibu 6. Nikawaomba waweke jibu mahali pa x: 2 × 10 ni 20, si 12. Walishtuka wenyewe. Kisha nikachora mizani miwili. Kwenye wa kwanza, kifuko kimoja cha sambaza na jiwe la kilo 2 vinalingana na kilo 12. Kwenye wa pili, vifuko viwili vinavyolingana uzito, na kilo 12. « Kifuko kimoja kina kilo ngapi? » Kwa wa kwanza waliondoa jiwe pande zote mbili. Kwa wa pili hakuna jiwe la kuondoa, wakagawa katikati. Tangu hapo nasema « fanya jambo moja pande zote mbili », na neno kuvuka nimeliacha.

Dakika zilizobaki walifanya jozi: x + 5 = 15 kando ya 5x = 15, kisha x + 3 = 21 kando ya 3x = 21, wakieleza kwa nini hatua si moja. Mizani ina mpaka wake, hakuna kifuko chenye kilo −4, kwa hiyo ekwasio kama 3x + 18 = 6 niliileta baadaye, kwa namba tu.

Na wale waliopata sawa, wakae tu? (Bagira)

Wape karatasi yenye kosa (bila jina) watafute mstari wa kwanza ulioharibika na waandike sababu. Wengine kati ya 19 wangu walishindwa kueleza. Walikuwa wanajua hatua bila kujua kwa nini.

Naweza kutumia maswali ya kuchagua, kama kwenye Eksetat, ili nisahihishe haraka? (Ibanda)

Ndiyo, kama kila jibu baya limezaliwa na kosa unalolijua. Kwa swali langu ningeweka 6, 10, −6 na 4. Jibu 2 ningeliacha, kwa sababu lina njia mbili. Wapo watakaobahatisha, basi uliza jambo hilo hilo mara mbili kwa namba tofauti, na jibu baya ulihesabu kama kosa la kweli likijirudia kote kuwili.

Wiki moja baada ya somo la mizani niliwapa 7x + 4 = 3x + 24 bila kuwaambia. Nilitafuta 16 na −5, yaani 20 − 4 na 20 kwa −4. Waliobaki na makosa hayo walikuwa watatu, na hao niliketi nao mmoja mmoja.