Nachukua kidogo kidogo kwenye mauzo ya duka la marehemu baba

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Baba alifariki 2018 akatuachia duka la hadiwea hapa Kisumu. Kaka yangu ndiye bosi, mimi nasimama kaunta tangu saa moja asubuhi, na jioni ananipa mia tatu kama kibarua. Nikiuliza fungu langu ananiambia duka ni la familia. Mama yuko hai, na dada zetu wawili wameolewa. Siku hizi nikiuza bati 1,400, daftarini naandika 1,200. Ustadhi mmoja aliniambia ni halali kwa hadithi ya Hind. Ni kweli?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Si kweli, na aliyekujibu hivyo amekupotosha. Hind binti Utba alikuwa mke, akimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba Abu Sufyan ni bahili, hampi yeye na mtoto wake cha kuwatosha. Akaambiwa achukue kinachowatosha kwa wema. Hiyo ni nafaka, yaani matumizi ya mke na watoto, nayo ni wajibu wa mume. Aliyemnyima ndiye mwenye mali, na hakuna mwingine aliyeguswa. Wewe huchukui nafaka, na mali unayochukua si ya kaka yako peke yake.

Kweli wanazuoni wa Kishafi wamemruhusu mtu aliyenyimwa haki yake achukue kadiri yake. Lakini haki hiyo iwe inajulikana ni kiasi gani, na aichukue kwa yule aliyemnyima. Fungu lako halijapigiwa hesabu hata siku moja, nawe unalichota kwenye chungu cha watu watano.

Hebu tuzihesabu hizo mia mbili. Baba aliacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Mama ana thumni, yaani fungu moja katika manane, na kinachobaki mwana hupata mara mbili ya binti. Gawa mali mafungu 48: mama 6, wewe 14, kaka 14, kila dada 7. Basi katika kila shilingi 200 unazoficha, zako ni 58 na senti kidogo. Za kaka ni hizo hizo 58, kila dada ana 29, na mama 25. Wewe unaona unamkomoa bosi, kumbe zaidi ya shilingi 80 unawachukulia mama yako na dada zako, ambao hawajakukosea kitu.

Nayaandika haya nikijua unavyoumia. Kusimama kaunta ya baba yako kama mpita njia, ukipewa mia tatu mkononi jioni, ni jambo zito. Na kauli ya kaka yako kwamba "duka ni la familia" nimeisikia Kisumu na Nakuru mpaka nimeichoka. La familia, lakini ufunguo mmoja na daftari moja! Mali iliacha kuwa ya baba alipofariki. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, ilikuwa ya warithi, kila mmoja kwa fungu lake. Dada kuolewa hakumpunguzii hata senti. Aya ya 7 ya Suratun-Nisaa imewapa wanawake fungu, mali iwe kidogo au nyingi. Katika Surat Swaad, mwenye kondoo 99 aliyetaka na mmoja wa mwenzake alishtakiwa kwa maneno "huyu ni ndugu yangu", na Daudi (a.s.) akasema washirika wengi hudhulumiana.

Kaka naye asidhulumiwe. Ameliendesha duka miaka yote hii, na kazi ina ujira. Lakini ujira ni kitu kingine na umiliki ni kitu kingine. Faida huwafuata wenye mali kwa mafungu yao, na msimamizi hulipwa mshahara mliokubaliana. Nyinyi hamkukubaliana lolote, si wake wala wako. Katika madhehebu yetu, anayefanya kazi bila kutajiwa ujira wapo wanaosema hana kitu, na wapo wanaompa ujira wa mfano iwapo anajulikana kwa kazi hiyo. Mimi naegemea huku kwa pili, kwenu nyote wawili: ulizeni maduka ya jirani muuzaji wa kaunta na meneja wanalipwa ngapi.

Anza na mama, si na kaka. Mwambie ulichochukua, umkadirie kwa uaminifu, kisha kikatwe kwenye fungu lako siku ya kugawana. Halafu mwombe awaite wote, dada zako wakiwemo. Tafuteni daftari la baba la 2018 na risiti za wauzaji wa jumla, mjue aliacha bidhaa za kiasi gani na deni gani. Kama ilibaki milioni 2.4, mama ana 300,000, wewe 700,000, kaka 700,000, kila dada 350,000. Hakuna lazima ya kufunga duka: mnaweza kubaki washirika, kwa maandishi, au kaka awanunue.

Akikataa, nenda kwa Kadhi hapo Kisumu. Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa kesi za mirathi, mradi pande zote ni Waislamu na zimekubali kufika mbele yake. Madai ya mshahara peke yake si yake, kwa hiyo usiende ukilalamikia mia tatu. Nenda ukidai mgawanyo wa mirathi. Na kesho ukiuza bati 1,400, andika 1,400, maana daftari hilo ndilo utakalolipeleka.