Soma leseni ya biti na picha kabla ratiba haijaanza kurusha video

Ukipandisha video kwa mkono, biti yenye utata inakuharibia video moja. Ukiwa umepanga video za mwezi mzima zijirushe zenyewe, biti ileile iliyokaa kwenye utangulizi inaingia kwenye zote, na unakuja kugundua wakati nusu yake zimeshatazamwa. Ndiyo maana mimi ninayetengeneza video za vikundi na wafanyabiashara hapa Dodoma ninakagua leseni kabla faili halijaingia kwenye folda ya ratiba. Likishaingia humo, hakuna tena mtu wa kulitazama.

Nichukue video niliyowatengenezea wakulima wa zabibu wanaouza zao lao wenyewe. Ilikuwa ya dakika chache tu kuhusu kupogoa mizabibu, yenye biti ya taratibu chini ya sauti ya msimulizi na picha ya jani lenye ubwiri unga. Biti ya kwanza waliyoipenda ilitoka kwenye tovuti inayotoa muziki bure, na chini yake iliandikwa CC BY-NC-ND 4.0, mojawapo ya leseni za Creative Commons. Wengi wakiona CC wanasema "hii ni ya bure" na kuendelea. Lakini herufi zinazofuata ndizo zenye masharti. BY inakutaka umtaje mtunzi. NC inakataza matumizi yaliyokusudiwa hasa kuleta faida ya kibiashara, na video inayotafutia zabibu wateja ni ya biashara hata kama haina tangazo hata moja. ND inakuruhusu kusambaza kazi kama ilivyo, ila si kusambaza kazi mpya uliyoitengeneza kutokana nayo.

Hapo kwenye ND wengi hubisha: "Mbona sijabadili kitu, nimeiweka chini tu?" Maandishi ya leseni hizo, toleo la 4.0, kifungu cha 1(a), yanasema wazi kwamba muziki ukipangwa kwenda sambamba na picha zinazotembea, kinachopatikana kinahesabiwa daima kuwa kazi mpya iliyotokana na muziki ule. Kwa hiyo biti yenye ND haifai kwa video ya aina yoyote, hata ungeiacha nzima bila kuikata. Kwa sababu hiyohiyo biti ya CC BY-SA inaifunga video yote: ukiitumia, video nayo lazima itoke chini ya leseni hiyo, na mtu yeyote aruhusiwe kuichukua, kuihariri na hata kuiuza mradi afuate masharti yaleyale. Niliwaeleza wakulima, wakakataa, na walikuwa na haki. Tukachukua biti ya CC BY 4.0.

Picha ya jani nayo ilikuwa CC BY-SA. Nilihitaji kuikata na kuchora mishale juu yake, jambo ambalo tayari ni kuibadili. Nilimwomba mkulima mmoja apige jani la shambani kwake kwa simu. Picha ilitoka nzuri, na ubwiri ule ni wa hapahapa. Kwa picha za mtandaoni ninaongeza hatua moja: ninaitafuta picha yenyewe kwenye injini ya kutafutia kwa picha, kwa sababu aliyeipandisha na kuiwekea leseni huenda si aliyeipiga, na leseni ya asiye mmiliki haikulindi.

Kila nyenzo ninaiandika kwenye rejista ya `leseni.csv`, yenye jina la faili, leseni, mtunzi, kiungo, tarehe na ushahidi, yaani mahali ilipo picha ya skrini ya ule ukurasa. Picha hiyo ya skrini ina kazi. Leseni za CC hazifutwi kwa aliyekwisha kupokea kazi, lakini mtunzi anaweza kubadili ukurasa kesho, nawe ukabaki huna cha kuonyesha. Kisha programu ya ratiba inaanza na kizuizi hiki:

```python
import csv, os, sys
SAWA = {"CC0-1.0", "CC-BY-4.0", "IDHINI", "YANGU"}
rejista = {m["faili"]: m for m in csv.DictReader(open("leseni.csv"))}
for f in os.listdir("nyenzo"):
    m = rejista.get(f)
    if not m or m["leseni"] not in SAWA or not os.path.exists(m["ushahidi"]):
        sys.exit("Simama: " + f)
```

Angalia kwamba kinapitia faili zilizomo kwenye folda, si mistari ya rejista. Kikipitia rejista, biti ambayo hakuna aliyeiandika itapita bila kuulizwa.

Kumtaja mtunzi nako huharibiwa na ratiba. Kiolezo cha maelezo kinachofaa YouTube kikipelekwa kwenye mtandao mwingine, mistari ya mwisho hufichwa au hukatwa, na jina la mtunzi ndilo hukaa mwisho. Mimi ninaliweka ndani ya video yenyewe, sekunde za mwisho: jina la kipande, mtunzi, leseni na kiungo chake, na kwamba kimefupishwa. Halafu ninalirudia kwenye maelezo. Na muziki uliouchagua ndani ya programu ya simu ya mtandao mmoja usiubebe kwenda mwingine. Ruhusa yake inaishia mulemule.

Hata ukiwa na leseni safi, Content ID, mfumo wa YouTube unaolinganisha sauti ya video na kazi zilizosajiliwa, inaweza kukushika, kwa mfano mtu alipotumia biti hiyohiyo kwenye wimbo wake kisha akausajili. Kwa hiyo video zinapanda siku kadhaa kabla, `privacyStatus` ikiwa `private` na `publishAt` ikiwa na muda wa kutoka. Muda huo kumbuka kuuandika sawasawa: saa kumi na mbili jioni ya Dodoma ni `15:00:00Z`. Kisha mtu, si programu, anafungua YouTube Studio na kutazama safu ya vizuizi, maana mfumo wa kusimamia madai ya Content ID hawapewi wenye chaneli za kawaida. Ukikuta dai, ondoa muda wa kutoka kwanza, ndipo upinge ukieleza leseni uliyonayo. Mdai ana siku 30 za kujibu, kwa hiyo video ya msimu wa mavuno isisubiri hapo, ibadilishie biti.

Nyumbani kwetu Ugogoni zeze na ilimba zinapendeza chini ya video kuliko biti nyingi za mtandaoni, na ningependa zitumike zaidi. Lakini wimbo kuwa wa asili hakufanyi rekodi yake iwe ya wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda wasanii na watayarishaji wa rekodi, na ina sehemu yake kuhusu sanaa za asili. Chukua idhini ya maandishi kwa mpigaji na kwa studio iliyorekodi, itaje video, mitandao, muda, na kama kuna biashara ndani yake. Muulize pia mpigaji swali ambalo wengi hawaliulizi: je, wimbo huu utaupeleka kwa msambazaji wa muziki mtandaoni? Msambazaji akiuwasha kwenye Content ID mwaka ujao, madai yataangukia video zako za zamani zote zilizo na rekodi ile, na mpigaji mwenyewe hatakuwa na habari. Andikeni kwenye karatasi kwamba siku hiyo ikifika atampa msambazaji jina la chaneli yako ili isiguswe, nawe mwachie kiungo kamili cha chaneli, kwa sababu majina ya chaneli yanafanana.