Sampuli mara mia, desimali moja tu

Juzi msomaji mmoja anayekadiria integrali kwa namba za nasibu kaniandikia: "Kaka, nimeongeza sampuli kutoka 10,000 hadi 20,000, kosa ndio kwanza limekua. Programu yangu ina tatizo gani?" Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana swali hilo lilinirudisha kwenye chumba kimoja cha semina ambacho mpaka leo nikikipita nageuza uso.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Msimamizi wangu alinipa integrali ya vigeu kumi: chukua x1 mpaka x10, kila kimoja kati ya 0 na 1, vijumlishe, jumla uipige kipeo cha pili, kisha tafuta integrali ya kitu hicho juu ya mchemraba mzima. Aliichagua makusudi kwa sababu jibu linapatikana kwa kalamu. Wastani wa jumla ni 5, kipeo chake cha pili ni 25, ongeza 10/12 inayotokana na kutawanyika kwa vigeu vyenyewe, unapata 155/6, yaani 25.8333. Kazi yangu ilikuwa kulifikia jibu hilo kwa kurusha namba za nasibu, nione njia inavyofanya kazi kabla sijapewa integrali ambayo jibu lake halijulikani.

Nikarusha pointi 10,000, nikachukua wastani, nikasimama mbele ya watu na slaidi iliyoandikwa 25.9134. Kwa herufi nene.

"Desimali hizo nne umezipata wapi?" akauliza.

"Kwenye kompyuta, Profesa."

Chumba kizima kilicheka. Nilijiona mjinga, na kusema kweli bado naona angeweza kuniuliza ofisini. Lakini swali lilikuwa halali. Jibu langu lilikosea kwa 0.08, kwa hiyo hata ile 9 ya kwanza baada ya nukta ilikuwa ya kubahatisha.

Nilichokuwa sijakielewa ni hiki. Kila pointi unayorusha inakupa thamani moja ya fomula, na thamani hizo zinatawanyika kuzunguka wastani wao. Kwa fomula yangu mtawanyiko huo ni takriban 9.2. Ukichukua wastani wa pointi N, kosa la kawaida ni mtawanyiko ugawanywe kwa kipeuo cha pili cha N. Pointi 10,000 zinakupa 9.2 kugawa kwa 100, yaani 0.092. Pointi milioni moja zinakupa 0.0092. Umefanya kazi mara mia, umepata desimali moja.

Mtawanyiko huna haja ya kuujua kabla. Pointi zilezile zinakuambia:

```python
import random
mbegu = 7
random.seed(mbegu)
N = 1000000
s = s2 = 0.0
for _ in range(N):
    f = sum(random.random() for _ in range(10))**2
    s += f
    s2 += f*f
w = s/N
print(w, ((s2/N - w*w)/N)**0.5)
```

Mbegu ni namba inayoanzisha mfululizo wa nasibu: mbegu ileile, pointi zilezile. Namba ya pili inayochapwa ndiyo kosa la kawaida. Mimi niliichapa ya kwanza tu.

Sasa turudi kwa mdogo wangu wa juzi. Ukiongeza sampuli mara mbili, kosa la kawaida halipungui nusu. Linashuka mpaka asilimia 71 hivi ya lilivyokuwa, kutoka 0.092 hadi 0.065. Tena hicho ni kimo cha kawaida tu, si ahadi ya kila mara. Inawezekana kabisa mara ya kwanza ulibahatika ukaangukia karibu na jibu, mara ya pili hukubahatika. Endesha programu mara ishirini kwa pointi 10,000, kila mara kwa mbegu nyingine, uone majibu yanavyosambaa. Kisha fanya hivyo kwa 20,000. Hapo ndipo utaliona punguzo. Programu yako haina tatizo.

Mimi baada ya aibu ile niliapa kurudi na desimali nne za kweli, kosa lisilozidi 0.0001. Nikapiga hesabu: 9.2 kugawa kwa 0.0001 ni 92,000, kipeo chake cha pili ni pointi bilioni 8.46. Laptopu yangu kuukuu ilikuwa inamaliza milioni moja kwa sekunde tatu. Saa saba! Nikajifanya mjanja, nikafungua madirisha manne kwa pamoja, na kwa kujaribu kwanza nikapiga milioni moja kila dirisha ili nichukue wastani wa yote.

Majibu manne yakarudi yanafanana mpaka tarakimu ya mwisho. Nilifurahi mno, nikidhani ndio usahihi wenyewe. Kumbe nilikuwa nimeandika mbegu ileile kwenye madirisha yote, kwa hiyo nilirusha pointi zilezile mara nne. Nilikuwa najivunia kosa la 0.0046 wakati kosa langu lilikuwa palepale, 0.0092. Majibu ya nasibu yakifanana mno, shtuka.

Kuna waliokuwa wananiambia niachane na bahati nasibu, nigawe kila mhimili vipande kumi sawa na kuchukua katikati ya kila kipande. Nilishawishika mpaka nilipohesabu: kumi kipeo cha kumi ni pointi bilioni kumi, na kosa lake kwa fomula hii ni 0.0083. Pointi milioni moja na laki mbili za nasibu zinafika hapohapo. Kwa kigeu kimoja au viwili vipande sawa vinashinda bila ubishi, tena mbali. Kwa kumi havina nafasi, kwa sababu idadi ya pointi inalipuka kila unapoongeza kigeu, wakati kipeuo cha pili cha N hakijali vigeu ni vingapi.

Kilichoniokoa hakikuwa kuongeza pointi, kilikuwa kupunguza ile 9.2. Kila pointi niliyorusha niliipa pacha wake: kila x nikaweka pia 1 - x, nikachukua wastani wa thamani hizo mbili.

```python
j = sum(random.random() for _ in range(10))
f = (j**2 + (10 - j)**2)/2
```

Jumla j ikiwa kubwa mno, ya pacha, yaani 10 - j, inakuwa ndogo mno, na makosa yanafutana. Mtawanyiko wa jozi ulishuka hadi 1.14. Sasa kwa kosa la 0.0001 nilihitaji jozi milioni 131 hivi, na jozi haihitaji namba za nasibu zaidi ya pointi moja. Saa saba zikawa dakika saba. Nilimpelekea Profesa karatasi yenye jibu na kosa lake pembeni. Aliisoma, akasema "sawa", akaendelea na chai yake. Kwa mimi ile "sawa" ilitosha.

Ila msikimbilie mapacha kama dawa ya kila ugonjwa. Fomula ikiwa na ulinganifu kuzunguka katikati, kwa mfano (j - 5) kipeo cha pili, pacha anarudisha thamani ileile na umelipa mara mbili bure. Jaribu na jozi elfu moja kwanza, tazama mtawanyiko kama umeshuka, ndipo uamue.

Na wewe uliyeniandikia, usinitumie tena picha ya skrini yenye jibu peke yake. Nitumie N, mtawanyiko, na mbegu uliyotumia.