Naandika imeili kwa kuongea na simu, na ile "ha" iliyonila laki na thelathini na tano

Mimi napika. Chakula cha semina, mikutano, misiba wakati mwingine, jiko liko Tabata. Mikono yangu kuanzia saa 11 alfajiri iko kwenye unga au mafuta au vitunguu, na wateja wa maofisini hawapigi simu hawa watu, wao ni imeili tu, na usipojibu ndani ya saa moja washampa mwingine. Kwa hiyo nikaanza kuongea na simu yenyewe iandike, ile maiki ndogo inayokaa juu ya kibodi. Karibu mwaka na nusu sasa. Inasaidia kweli, lakini imenigharimu pia, acha nieleze.

Kwanza kama unaongea Kiswahili na simu inakuandikia vituko, angalia kibodi yako iko lugha gani. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa nasema "nimepokea" inaniandikia habari za mchezo wa karata kwa Kizungu, nikadhani simu mbovu, kumbe maiki inafuata lugha ya kibodi na kibodi yangu ilikuwa ya Kiingereza. Natumia Gboard, ile ya Google, Kiswahili kiliingia kwenye kuandika kwa sauti tangu 2017. Unaingia seting za Gboard, unagusa Languages, halafu Add keyboard, unatafuta Kiswahili, utachagua cha Tanzania au cha Kenya. Ukishaongeza, unakuwa unabonyeza kile kitufe cha dunia au unashikilia spesi kubadili lugha. Halafu ndiyo ubonyeze maiki. Na bando liwe hai, mimi bando likikata maiki inagoma.

Haya tuje kwenye yaliyonikuta.

Kulikuwa na semina ya siku tatu, watu 45, tumekubaliana chakula cha mchana tu. Yule dada wa ofisini akaniandikia, je chai ya saa 4 imo kwenye bei hiyo? Mimi niko na sufuria la pilau jikoni, nikabonyeza maiki nikasema, "Hatutaleta chai ya saa 4 kwa bei hiyo." Nikatuma bila kusoma. Simu ilikuwa imeandika "Tutaleta chai ya saa 4 kwa bei hiyo." Siku ya kwanza saa 4 na robo napigiwa simu, watu wamekaa, chai iko wapi. Nikabisha, akanisomea imeili yangu mwenyewe. Ubishi ukaishia hapo. Nikatoa chai na sambusa kwa watu 45, kwa hesabu ya shilingi 1,000 kwa mtu kwa siku tatu ni 135,000 imetoka mfukoni kwangu.

Nilivyotulia nikaanza kujiuliza ile "ha" imeenda wapi. Nikagundua sababu mbili. Moja, nilianza kuongea kabla maiki haijaamka. Ukibonyeza kuna kanafasi kadogo kabla haijaanza kusikiliza, na ukiwahi, silabi ya kwanza inaliwa. Sasa Kiswahili chetu kukataa kunakaa wapi? Mwanzoni mwa neno! Ukila silabi ya kwanza umekula "hapana" yote. Pili ni hizi midomo zetu, wengi tunaongea h haisikiki vizuri, mtu anasema "atakuja" na "hatakuja" kwa sauti ileile, binadamu anaelewa kutokana na uso wako, simu haina uso wa kuangalia.

Halafu nikaona kitu kingine, kwamba shida si kila kukataa. Ukisema "hatujapokea", hata "ha" ikiliwa inabaki "tujapokea", hilo neno utalishtukia kwa sababu ukikubali unasema "tumepokea". "Hatukuleta" ikikatwa inabaki "tukuleta", utaona kuna kitu hakijakaa sawa. "Hatuleti" ikikatwa inabaki "tuleti", nayo inajionyesha. Balaa liko kwenye wakati ujao. Tutaleta, hatutaleta. Mtapata, hamtapata. Atafika, hatafika. Hapo "ha" ikiondoka (au h tu) kinachobaki ni sentensi safi kabisa haina kosa, ila inasema kinyume cha ulichosema. Hata ukipitisha macho huoni kitu. Ile ya "nge" ni hivyohivyo, "tungeweza" na "hatungeweza". Ukiwa peke yako huna shida sana, "sitaleta" na "nitaleta" zinatofautiana mwanzo wenyewe, lakini sisi wafanyabiashara ni "tu" "tu" kila sentensi hata kama jikoni uko mwenyewe na mdogo wako.

Dawa niliyopata ni kutoacha kukataa kwangu kukae kwenye herufi moja. Nakataa kwa neno zima. Badala ya "hatutaleta chai" nasema "bei hiyo ni bila chai". Badala ya "hatutaweza kusubiri" nasema "tunashindwa kusubiri". Isipokuwa, bila, kasoro, tunashindwa, haya simu haiwezi kuyameza yakapotea. Na nikishabonyeza maiki nahesabu moja kimoyomoyo ndiyo nafungua mdomo, au naanza na neno la kutupwa kama "sasa", likiliwa lisiniume.

Namba nazo. Za watu na siku nasema, ila za hela nimeacha kabisa kuzisema. Shida siyo simu tu, ni namna tunavyotaja hela, "elfu kumi na mbili na mia tano" mimi najua ni 12,500 lakini simu iliwahi kuniandikia "elfu 10 na 2 na 500", sasa mhasibu akikaa na hiyo anatoa elfu kumi anakwambia ndiyo uliyoandika. Ujanja wangu, na mdogo wangu hunicheka sana, ni kwamba kila panapotakiwa namba ya hela nasema "tembo". Neno tembo halina kazi yoyote kwenye imeili zangu, sijawahi kumpika, kwa hiyo nikimaliza kuongea naangalia tembo wako wapi na wapi nawatoa mmojammoja naweka namba kwa kidole. Tarehe hivyohivyo. Namba ya TIN na akaunti ya benki hata tembo hapana, hizo nimeziweka kwenye seting za Gboard, Dictionary halafu Personal dictionary, unaandika namba yako na kifupi chake, mimi nikiandika tnn ile namba yote inatokea juu ya kibodi naigusa tu. Tarakimu tisa za TIN ukikosea moja tu, hiyo siyo TIN yako tena.

Saa naisema lakini lazima niongeze asubuhi au mchana, maana ukisema saa sita na nusu siku nyingine inakuandikia 6:30 na mtu aliyezoea saa za Kizungu atakusubiri alfajiri.

Nukta na mkato usijisumbue kuvitamka kwa Kiswahili. Nilisema "nukta" ikaniandikia neno nukta, imeili nzima nukta nukta kama telegramu ya zamani. Nachofanya nasema sentensi moja, nagonga spesi mara mbili inaweka nukta yenyewe, nabonyeza maiki tena. Inachelewesha kidogo ila inafaa, kwa sababu ukinyamaza kufikiria maiki inajizima hata hivyo, bora ufikirie sentensi yako kwanza uitoe kwa pumzi moja.

Sehemu ya kuongelea pia. Jikoni kuna blenda, nje kuna bajaji, mimi naingia stoo nasimama katikati ya magunia ya mchele, humo sauti inatulia kabisa na maandishi yanatoka masafi kuliko sehemu yoyote nyumba hii.

Sasa ona mfano wa juzi. Ofisi nyingine inaniuliza watu 60, bei gani, chakula kinafika saa ngapi, na wao wanalipa baada ya siku 30. Nikaingia stoo nikaongea, hivi ndivyo ilivyotoka kabla sijagusa:

"sasa habari za asubuhi dada. nimepata ujumbe wako wa watu 60. bei kwa sahani ni tembo jumla tembo. chakula cha kura kita fika saa 6:30 mchana mahari ni pale pale ukumbini. kuhusu malipo tuna shindwa kusubiri siku 30. tuna omba nusu kabla ya tarehe tembo"

Chakula cha kura! Mimi R na L zangu nimezaliwa nazo zimechanganyika, kwa hiyo kula inakuwa kura na mahali inakuwa mahari, dada wa watu angedhani kuna uchaguzi na posa siku moja. Hizo nazijua, ni za kwangu, kila mtu akae na imeili zake kumi aone anarudia kosa gani, hutakuta mengi, matatu manne yaleyale. Maneno yaliyokatwa, "kita fika", "tuna omba", hayabadilishi maana ila yanakufanya uonekane umeandika ukikimbia. Nayaunganisha, naweka kidole katikati nafuta ile nafasi, basi. Herufi kubwa pia. Baada ya kama dakika moja ikawa hivi:

"Habari za asubuhi dada. Nimepata ujumbe wako wa watu 60. Bei kwa sahani ni 12,500, jumla 750,000. Chakula kitafika saa 6 na nusu mchana, palepale ukumbini. Kuhusu malipo, tunashindwa kusubiri siku 30. Tunaomba nusu, yaani 375,000, kabla ya tarehe 14. Bei hii ni bila chai ya saa 4."

Ile ya mwisho niliongeza bila kuulizwa, mnajua kwa nini. Na mahali/mahari nimeifuta kabisa kwenye maisha yangu, palepale inatosha.

Kabla ya kutuma nasoma kwa sauti, siyo kwa macho. Macho yanasoma ulichotaka kusema. Mdomo ukifika kwenye "tuta" yoyote nasimama najiuliza hapa nilikubali au nilikataa. Na ukishatuma, Gmail inakuachia Undo pale chini ya skrini kwa sekunde chache tu, mimi imeniokoa mara mbili, ila usiitegemee ukiwa na mikono ya mafuta kwa sababu hata kioo hakikubali kuguswa.

Dada alijibu jioni, nusu ataleta, halafu akauliza kama chai ya saa 4 inaweza kupatikana kwa bei nyingine. Nikanawa mikono nikamjibu kwa vidole.